Andalio la somo: makosa ya hoja kwa methali na simu za redioni (Kidato cha 3). Naomba mlikosoe

Chaki_ya_Kayole

Walimu wenzangu, hamjambo. Wiki ijayo nina dabo ya Kiswahili, dakika 80, Kidato cha 3, wanafunzi 54. Nataka kuingiza makosa ya hoja, ila sitaki kuwapa orodha ya majina wakakariri kama ngeli. Nimeamua kupitia methali, ambazo wamezoea tangu msingi, na simu za vipindi vya asubuhi redioni, ambazo huzisikia kwenye matatu kabla hawajafika langoni. Andalio lenyewe ni hili.

Dakika 10 za kwanza: naandika ubaoni "Haraka haraka haina baraka" upande mmoja, na "Chelewa chelewa utapata mwana si wako" upande wa pili. Kisha nawapa kisa. Binamu yako ameahidiwa kazi Industrial Area, anatakiwa kujibu kesho asubuhi, afanye nini? Nusu ya darasa imshauri kwa methali ya kushoto tu, nusu nyingine kwa ya kulia tu. Kila upande utashinda kwa makofi. Hapo ndipo nauliza: nani kati yenu ameuliza ni kazi gani, mshahara ni kiasi gani, na huyo aliyeahidi ni nani?

Dakika 20: simu moja. Sichezi rekodi. Spika ya shule hukoroma, na sauti ya mtu hujulikana mtaani hata ukificha jina. Simu nimezitunga mwenyewe kwa mtindo wa redioni, na mwanafunzi anaisoma akiwa na simu ya kuigiza sikioni. Mada ya kipindi: je, viboko virudishwe shuleni?

*Simu ya A:* "Mtangazaji, habari ya asubuhi, napiga kutoka Githurai. Mimi nasema viboko virudi leo leo. Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye. Tangu viboko vipigwe marufuku mwaka wa 2001, wanafunzi wanachoma mabweni. Sisi tulichapwa na tukawa watu. Mzazi achague sasa: kiboko, ama mtoto aishie jela."

Darasa linajibu maswali matatu tu. Anataka tukubali nini? Ametoa sababu gani? Methali inafanya kazi gani pale: imepamba, imeonya, au imekalia kiti cha sababu? Kisha tunaivua methali na kusoma simu upya bila hiyo. Sababu ikibaki imesimama, methali ilikuwa pambo. Pakibaki pengo, tumeliona kosa kabla ya kulipa jina.

Dakika 30: makundi tisa ya watu sita. Kila kundi lina simu mbili zaidi.

*Simu ya B:* "Huyo wa Githurai msimsikilize. Mtoto wa nyoka ni nyoka. Mtu aliyelelewa kwa fimbo atajua nini zaidi ya fimbo?"

*Simu ya C:* "Mimi ni mwalimu. Kwetu waliochelewa walikuwa wakichapwa, na daftari la langoni lilionyesha kama 30 kwa wiki. Tuliacha, tukaanza kumpigia mzazi simu siku hiyo hiyo. Muhula uliofuata wakawa kama 12. Haba na haba hujaza kibaba. Siwezi kusemea shule nyingine."

C nimeiweka makusudi iwe simu nzuri yenye methali, wasije wakadhani kila methali ni mtego. Dakika 20 za mwisho wachache wao wanapiga simu, sekunde 45 kila mmoja, na anayejibu lazima kwanza aseme hoja ya mwenzake hadi mwenyewe akubali, "ndiyo, hivyo ndivyo nilivyosema." Tathmini: simu mpya, waandike nyumbani nusu ukurasa.

Kosoeni.

Kijana_wa_Umoja

Mwalimu, kazi safi, lakini mbona unajizungusha? Methali zote ni makosa ya hoja. "Wengi wape" ni kufuata umati. "Samaki mmoja akioza huoza wote" ni kuhukumu kundi kwa mtu mmoja. "Penye wazee haliharibiki neno" ni kutishiwa na umri. "Nyani haoni kundule" ni kumwambia mtu "hata wewe" badala ya kumjibu. Mimi ningechora jedwali, methali huku, kosa kule, dakika 40 zimeisha na wamejua makosa kumi.

Babu_Ubao

Kijana, nusu ya maneno yako nayachukua. Hizo ulizotaja kweli hutumiwa hivyo, na "wengi wape" sidhani nimewahi kuisikia kwenye mkutano wa wazazi ikitumiwa vinginevyo. Lakini jedwali lako litaharibu somo, na nitakwambia ni kwa nini.

Methali yenyewe haijadai kitu juu ya kisa kilicho mbele yetu. Kosa hutokea pale mtu anapoipa kazi. Chukua "Usipoziba ufa utajenga ukuta." Fundi akikuonyesha bati linalovuja, akakuambia maji yanaingia kwenye mbao za paa, mbao zinaoza, na mwaka ujao utanunua mbao pamoja na bati, hapo methali imekaa juu ya hoja nzima, kila hatua inaonekana. Naibu mkuu wa shule akisema tukiruhusu wasichana wasuke nywele, kesho watataka sare fupi, keshokutwa watatoroka, "usipoziba ufa utajenga ukuta," methali ni ile ile ila hatua za katikati hazipo. Hakuna aliyeonyesha nywele zinampelekaje mtoto kwenye ua wa nyuma. Jedwali lako lingeandika methali hiyo upande wa makosa na kumfukuza fundi.

Aristotle alikwisha kuliona hili. Katika kitabu chake cha balagha anazieleza misemo ya hekima kuwa ni kipande cha hoja kilichoachwa bila sababu yake. Ukiongeza sababu inakuwa hoja kamili. Kwa hiyo swali la tatu la Chaki ndilo roho ya andalio. Ningemshauri aongeze la nne: ni sababu gani ingehitajika ili methali hii ifae hapa? Mtoto akiweza kuisema, basi anaijenga hoja, hakuishia kuibomoa.

Kuna moja tu ambayo ningekubali kuiita mbovu karibu kila inapotumiwa kama ushahidi: "Lisemwalo lipo, kama halipo laja." Iangalie vizuri. Uvumi ukithibitika, methali imeshinda. Usipothibitika, bado imeshinda, maana "laja." Hakuna siku itakayoweza kushindwa. Waulize wanafunzi: ni tukio gani lingemfanya msemaji akiri kwamba uvumi ulikuwa uongo? Waache wakae kimya kidogo. Hiyo peke yake ni dakika 15.

Mama_Wawili

Jamani mimi si mwalimu lakini hili la viboko limenigusa. Mtoto wangu, akiwa Kidato cha 2, alichapwa mgongoni kwa kukosa kitabu ambacho mimi ndiye sikununua. Nilipiga simu redioni nieleze, nikasubiri laini mpaka chai ikapoa, nikaunganishwa, nikasema sentensi mbili nikakatwa. Aliyefuata akasema mama kama huyo ndiye anayeharibu watoto. Sasa nyinyi mnataka kuwafundisha watoto kwamba viboko virudi? Mimi napinga.

Chaki_ya_Kayole

Mama Wawili, pole sana kwa yaliyompata mtoto. Viboko vilipigwa marufuku 2001 na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikakaza, kwa hiyo ulichosimulia hakiruhusiwi. Una haki ya kumwona mwalimu mkuu na kulipeleka mbele. Sifundishi kwamba virudi wala visirudi. Nataka watoto wasikilize watu wakibishana juu yake na watambue nani ametoa sababu. Na huyo aliyesema "mama kama huyo," amekujibu wewe au amekijibu ulichosema?

Mama_Wawili

Amenijibu mimi. Kitabu hakukigusa hata kidogo.

Chaki_ya_Kayole

Basi hiyo ndiyo Simu ya B. Naomba ruhusa niibadilishe ifanane na yako, bila jina wala mtaa. Nyoka wangu amekaa kitabuni mno.

Mama_Wawili

Chukua. Ila waambie na mtangazaji alicheka.

NyumaYaMaiki

Mimi nimekuwa mtayarishaji wa kipindi cha simu cha asubuhi hapa Nairobi, acheni niwape kitu ambacho andalio halina.

Msikilizaji hudhani simu zinaingia hewani jinsi zinavyopigwa. Sivyo. Kuna mtu anapokea nje ya studio, anakuuliza jina, unapigia kutoka wapi na unataka kusema nini, kisha anachagua. Anachagua nani? Anayesikika vizuri, asiyetukana, na zaidi ya yote anayempinga aliyetangulia. Watu watano wakikubaliana, wasikilizaji wanahamia kituo kingine. Ndiyo maana Mama Wawili alifuatiwa na mtu wa kumrushia maneno. Inawezekana huyo alikuwa amewekwa kwenye laini akingojea.

Sasa mtangazaji akifunga kipindi kwa kusema "Wakenya wameongea, wengi wanataka viboko," hiyo "wengi" ni watu 11 niliowachagua mimi, kati ya wenye salio na muda wa kukaa kwenye laini saa mbili asubuhi. Mwalimu, ongeza hilo kwenye Simu. Mtangazaji naye ahojiwe, si wapigaji peke yao.

Na kuhusu kukata watu: sekunde 45 za Chaki ni nyingi kuliko uhalisi wa asubuhi nyingi. Ukiwa na sekunde 30, methali ndiyo njia ya mkato; inaleta sababu, hisia na heshima ya wazee kwa maneno matano. Sitawalaumu wapigaji sana.

Kijana_wa_Umoja

Eeh, hapo umenifungua macho. Kumbe "wengi wape" ina mlinzi mlangoni anayewahesabu.

Mwl_wa_Insha

Mimi nina wasiwasi mwingine, na ni wa alama. Karatasi ya kwanza ya KCSE mara kwa mara huwa na insha ya methali. Mtahiniwa anatakiwa atunge kisa kinachothibitisha methali, pande zote mbili zionekane: amechelea mwana kulia, na baadaye amelia yeye. Mtoto aliyefundishwa kuitilia shaka methali ataandika kisa cha mzazi aliyemchelea mwanawe na mambo yakaenda vizuri. Msahihishaji atamwambia amepotoka. Wewe Chaki utakuwa umemfikirisha na umemnyima alama kwa wakati mmoja.

Chaki_ya_Kayole

Hilo limenisumbua. Jibu langu kwa sasa: nitawaambia wazi kwamba insha ni kazi ya kutunga. Kisa kinaonyesha methali inavyoweza kuwa kweli kwa mtu mmoja. Mtangazaji akiuliza sera ya shule zote, kisa kimoja hakitoshi. Waandike insha kama kawaida. Tena naona insha yenyewe ni nyenzo nzuri: nitachukua insha mbili za darasa zilizopata alama za juu na kuuliza, je, tukipiga simu redioni tukiwa na kisa hiki, tumethibitisha nini?

Mwl_wa_Insha

Kwa Kidato cha 3 labda. Muhula wa mwisho wa Kidato cha 4 mimi singethubutu. Wakiwa kwenye mtihani huchanganya vitu walivyofundishwa jana.

Babu_Ubao

Nirudi kwenye Simu ya A, kwa sababu hapo ndipo walimu wengi watateleza.

"Tangu viboko vipigwe marufuku 2001, wanafunzi wanachoma mabweni." Mwanafunzi hodari atasema: lakini moto ulikuwepo hata kabla. Ni kweli. Moto wa Bombolulu ulikuwa 1998, na mwaka wa 1999 Nyeri wanafunzi waliwachoma viranja wakiwa usingizini. Wakati huo viboko vilikuwa halali. Darasa litapiga makofi na kusema mpigaji ameshindwa, na mwalimu atafurahi. Asifurahi bado.

Tumeonyesha kitu gani hasa? Tumeonyesha kwamba viboko havikuzuia moto kutokea. Hatujaonyesha kwamba marufuku haikuongeza chochote. Ili tujue hilo tungehitaji hesabu ya matukio ya miaka kadhaa kabla na miaka kadhaa baada, pamoja na idadi ya shule za bweni katika kila kipindi, maana shule zikiongezeka hata mioto huweza kuongezeka bila kiboko kuhusika. Na kuna shule zilizoendelea kuchapa baada ya 2001 kama ya Mama Wawili, kwa hiyo hata "kabla" na "baada" si mstari ulionyooka. Mtu mwenye hoja mbovu anaweza kuwa amefikia jambo la kweli kwa bahati. Mtoto akitoka darasani akiamini kwamba akishataja kosa amethibitisha kinyume chake, umempa kosa jipya la kubeba.

Kwa hiyo baada ya kila "hoja hii imeanguka," lazima liulizwe swali dogo: basi tunajua nini sasa? Mara nyingi jibu sahihi ni "bado hatujui," na liandikwe ubaoni hivyo hivyo.

La pili, Chaki, Simu yako ya C. Unaiita nzuri. Isome tena ukiwa umevua "haba na haba." Waliacha kuchapa, wakaanza kupiga simu, wachelewaji wakapungua kutoka 30 hadi 12. Hiyo ni "tangu hiki, kile" sawasawa na A. Je, kama muhula uliofuata mvua haikunyesha? Kama barabara ilikuwa ikitengenezwa ikaisha?

Chaki_ya_Kayole

Mzee, nimeiona. Lakini sikubali kwamba ni sawasawa. C ana daftari, ana idadi, anaeleza njia ambayo kitu kimoja kinaleta kingine (mzazi anajua siku hiyo hiyo), na anasema hawezi kusemea shule nyingine. A hana hata kimoja. Nikiwaambia wanafunzi hoja hizi mbili zina ugonjwa mmoja, watatoka wakidhani hakuna hoja inayopona duniani, na hao ndio huanza kumjibu kila mtu "hiyo ni makosa ya hoja" mpaka nyumbani. Nilishawahi kuona darasa lililofika hapo, kila mtu ni hakimu, hakuna shahidi.

Babu_Ubao

Tofauti ya kiwango nakubali. Basi waulize hivi: ungetaka C akuonyeshe nini zaidi ili uamini zaidi? Daftari la mwaka uliotangulia, muhula ule ule. Shule jirani iliyoendelea kuchapa, wachelewaji wake walikwendaje. Wakitaja hayo mawili, somo limefaulu. C abaki simu bora kuliko A, lakini asivikwe taji.

Kijana_wa_Umoja

Na "sisi tulichapwa na tukawa watu"? Mnaipitisha hivi hivi?

NyumaYaMaiki

Hiyo huingia karibu kila wiki. Jibu langu huwa moja: waliochapwa wakaacha shule hawapigi simu kipindi cha elimu. Laini yangu inawaleta waliofika.

Chaki_ya_Kayole

Hiyo naiandika kwenye andalio kama ilivyo.

Kwa hiyo mabadiliko: Simu ya B inakuwa ya "mama kama huyo." Mtangazaji anapewa maneno ya kufunga, "Wakenya wameongea." Kwenye dakika za makundi kila kundi linapewa simu moja badala ya mbili, vinginevyo maswali ya Mzee hayatapata muda. Ile ya "lisemwalo lipo" naipeleka dabo inayofuata.

Bado sijaamua jambo moja: majina ya makosa niyatoe lini? Nilipanga mwisho kabisa.

Mwl_wa_Insha

Toa mapema. Mtoto asiyekuwa na jina la kitu hukisahau kufikia Ijumaa.

Babu_Ubao

Usitoe kabisa katika somo la kwanza. Waache wayape majina yao. Darasa langu moja liliita lile la "kiboko ama jela" kuwa ni *njia panda ya uongo*, na waliendelea kulitambua muhula mzima.

Mwl_wa_Insha

Na mtahini atalitambua?

Babu_Ubao

Mtahini hajaulizwa hilo katika karatasi yoyote ninayoijua.

Mwl_Gredi10

Samahani, nimechelewa kuingia. Sisi wa Gredi ya 10 tunaweza kulitumia chini ya Kusikiliza na Kuzungumza? Tatizo langu ni kwamba vipindi vyangu vimetawanyika, dakika 40 kila kimoja, hakuna dabo.

Chaki_ya_Kayole

Kata baada ya Simu ya A. Kipindi cha kwanza: methali mbili zinazopingana, kisha Simu ya A na maswali manne. Wape B au C wakae nayo nyumbani wasikilize na redio halisi siku hiyo. Ila waambie waandike hoja tu, wasiandike jina la mpigaji wala mtaa wake. Kipindi cha pili kianze na walichokisikia.

Mwl_Gredi10

Na asiye na redio nyumbani?

Mama_Wawili

Apande matatu ya saa kumi na mbili. Huko hana hiari.